Kumwomba bosi wa zamani akudhamini kazi: barua pepe inayomrudishia kumbukumbu

Mwaka jana nilikaa kwenye jopo la usaili hapa Arusha, na zamu ya kupiga simu kwa wadhamini ikaniangukia mimi. Simu ya tatu ilipokelewa na mama mmoja aliyekuwa njiani, nikisikia honi za magari nyuma yake. Nikajitambulisha, nikataja jina la mwombaji. Kimya kidogo, kisha: "Eee, huyo kijana namkumbuka. Kijana mzuri, mtulivu, hana matatizo."

Nikamuuliza alifanya kazi gani hasa chini yake. "Alikuwa kwenye ule mradi wetu, kazi za fildi." Kuna jambo lolote alilofanya ukaliona kwa macho yako? "Alikuwa anajituma. Unajua, ni miaka mingi. Juzi kanitumia meseji tu, 'Shikamoo bosi, nimekuweka mdhamini', basi." Nikashukuru, nikakata simu, kalamu ikabaki hewani juu ya fomu. Mama yule hakusema neno baya hata moja, ila hakunipa cha kuandika.

Kwa ambaye hajawahi kukaa upande huu wa meza, maswali yetu kwa mdhamini huwa hayazidi matatu ya msingi. Ulimsimamia lini, kwa cheo gani? Alifanya nini kwa mkono wake? Ungepata nafasi, ungemwajiri tena? La kwanza linajibika hata kwa kubahatisha. La tatu karibu kila mtu hujibu "ndiyo", kwa hiyo halina uzito peke yake. Uzito uko kwenye la pili, na hilo bosi wa zamani hawezi kulijibu bila kukumbushwa, kwa sababu tangu uondoke amesimamia watu wengine ishirini. Barua pepe ninayoielezea hapa inaomba ruhusa, lakini kazi yake kubwa ni kumwandalia jibu la swali la pili.

Nitapita nayo kwa mfano mmoja. Kijana wa Uru, namwita mdogo wangu ingawa hatuna undugu wa damu, alisimamia bustani ya miche ya kahawa kule Kibosho kuanzia Februari 2021 hadi Novemba 2022. Bosi wake, mama wa makamo, baadaye alihamia Mbozi. Sasa kijana anaomba kazi ya afisa mradi wa miche ya parachichi Arusha, na tangazo linataka wadhamini watatu. Akaniletea rasimu yake kwenye simu tukiwa tumekaa karibu na stendi ya Moshi.

Hatua ya 1: Chagua aliyekuona, halafu mwombe kabla ya kumwandika

Kijana alitaka kumwandika mkurugenzi wa shirika kwa sababu cheo ni kikubwa. Mkurugenzi alifika bustanini mara mbili, na mara zote mbili alipiga picha akaondoka. Nikamwambia amwache. Mtu wa cheo cha kati aliyekuwa anasaini ripoti zako za mwezi ana maneno mengi ya kusema kuliko mkubwa anayekumbuka sura yako.

Kuhusu kuomba kwanza, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waombaji waweke majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, wenye mawasiliano ya uhakika. Mawasiliano ndiyo ya kuangalia. Mimi mwenyewe mwaka 2014 niliweka namba ya mezani ya ofisi ambayo bosi wangu alikuwa ameshaiacha, sikumuuliza, na niliyempigia baadaye kujua kulikoni akaniambia simu iliita mpaka wakachoka. Isitoshe, namba ya mtu ni taarifa yake binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, kuisambaza bila ridhaa yake si utovu wa adabu tu.

Hatua ya 2: Fukua ushahidi kabla ya kufungua barua pepe

Hapa ndipo kazi ilipo, na inachukua jioni nzima. Tafuta ripoti ulizotuma, daftari la kazi, picha za zamani kwenye simu, hata mazungumzo ya kundi la WhatsApp la mradi kama hukuyafuta. Unachotafuta ni matukio mawili au matatu ambayo bosi alikuwepo, yenye tatizo, uamuzi na matokeo yaliyohesabiwa.

Kijana wangu alikumbuka mawili haraka. La kwanza ni kuoza kwa vikonyo. Kahawa chotara zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani hukuzwa kwa vikonyo vinavyokatwa kutoka bustani mama, vikaoteshwa kwenye masanduku yaliyofunikwa nailoni. Mwaka 2021 vilioza vingi sana. Alikuwa anakumbuka kwamba "hali iliboreka mwaka uliofuata". Iliboreka kutoka wapi kwenda wapi? Hakujua. Akarudi nyumbani, akachimbua daftari lake la Jumatatu, maana kila Jumatatu alikuwa anahesabu vilivyokufa sanduku kwa sanduku. Zikatoka namba: msimu wa 2021, kati ya kila vikonyo 100 vilivyopandwa vilitoa mizizi 41. Msimu wa 2022 vilitoa 68.

Namba ambayo huioni mahali popote usiibuni, wala usiikuze kwa "takribani". Iache, utaje jambo lenyewe bila namba. Bosi akikuta namba ambayo hakumbuki kuiona kwenye ripoti yoyote, ataanza kuitilia shaka barua yote, na shaka hiyo itasikika kwenye sauti yake siku akipigiwa.

Hatua ya 3: Mada

Rasimu ya kijana ilikuwa na mada "OMBI LA MSAADA". Nikamuuliza, ungekuwa wewe uko Mbozi, mtu uliyeachana naye miaka mitatu anakuandikia hivyo, ungedhani anataka nini? Akacheka.

Na "Ombi la kuwa mdhamini wangu" nayo ina mtego wake. Mdhamini kwetu ni anayemtolea mtu dhamana polisi, ni anayesaini fomu ya mkopo wa SACCOS na kubaki na deni mkopaji akikimbia. Watu wameumizwa na neno hili. Kwa hiyo andika "mdhamini wa maombi ya kazi", kisha weka jina lako na mahali mlipofanya kazi pamoja. Mada tuliyoishia nayo ni hii:

> Ombi: mdhamini wa maombi ya kazi (jina lake kamili, bustani ya miche Kibosho 2021–2022)

Faida yake nyingine ni kwamba siku akipigiwa simu, akitafuta "Kibosho" kwenye barua zake, inatokea papo hapo.

Hatua ya 4: Salamu na ukimya

Kama ulikuwa unamwamkia kazini, mwamkie na hapa. "Shikamoo Mama" kwa mtu uliyezoea kumwita hivyo haina kosa lolote, hata kwenye barua rasmi. Kumbadilishia ghafla kuwa "Ndugu Meneja" ndiko kunakotia baridi.

Wapo wanaoshauri umtumie salamu kwanza wiki moja kabla, umjulie hali, ndipo ulete ombi. Sikubaliani nao. Mtu mzima akiona salamu kutoka kwa aliyepotea miaka mitatu anajua kuna jambo linakuja, na anabaki analisubiri. Kiri ukimya kwa sentensi moja, omba radhi kidogo, uingie kwenye jambo.

Hatua ya 5: Kumkumbusha

Rasimu ya kwanza ilisema hivi:

> Katika kipindi changu cha utumishi, mafanikio makubwa yalipatikana ikiwemo kuongezeka kwa uzalishaji wa miche bora na kusambazwa kwa wakulima wengi.

Soma tena vitenzi. Yalipatikana. Kuongezeka. Kusambazwa. Hakuna mtu humo ndani. Kiswahili cha ofisini kimetuzoesha kuandika namna hiyo, tunadhani ni unyenyekevu, lakini bosi akisoma hapati picha ya mtu akifanya kitu, na mimi nikimpigia simu sitapata picha hiyo kwake.

Nikamwambia aandike upya na daftari likiwa mbele yake. Rasimu ya pili ikaruka upande wa pili kabisa: "Niliongeza uotaji wa vikonyo kutoka 41 hadi 68." Hapo akawa amemnyang'anya bosi wake kazi. Kijana alihesabu, na akagundua kwamba masanduku ya chini kwenye mteremko, ambako maji yalituama, ndiyo yaliyooza zaidi. Lakini aliyeamua masanduku yainuliwe, mchanga uongezwe kwenye udongo na umwagiliaji upunguzwe, ni mama. Mama anakumbuka hilo vizuri kuliko anavyomkumbuka kijana. Akisoma "niliongeza", anaweza asiseme kitu kwa adabu, ila hataizungumzia habari hiyo kwenye simu.

Njia iliyotutoa hapo ni kuangalia viambishi vya nafsi. Ulichofanya wewe kianze na *ni-*. Alichoamua yeye kianze na *u-*. Matokeo ambayo hakuna anayeweza kudai peke yake yaanze na *tu-*. Nilihesabu, ukaamua, tukapata. Ukipita kwenye aya yako ukakuta *ni-* tupu, umejisifu. Ukikuta *tu-* tupu, umejificha, na jopo halitajua mkono wako ulikuwa wapi.

Tukio la pili lilikuwa orodha ya ugawaji wa miche wakati wa masika ya 2022. Hilo tuliliweka kwa sababu tangazo la Arusha lilitaka mtu wa kutunza kumbukumbu. Matukio yachaguliwe hivyo, kwa kuangalia kazi inayoombwa. Kijana alikuwa na habari nzuri ya pampu iliyoungua na jinsi walivyobeba maji kwa ndoo siku nne, lakini kazi mpya haikuihitaji, tukaiacha.

Kisha nikamuuliza swali ambalo hakulipenda: ni jambo gani ulimkwaza? Akanyamaza. Ripoti ya robo ya tatu ya 2021 ilichelewa wiki mbili na mama alisemwa na wakubwa kwa ajili yake. Nikasema nayo iingie. Sisi tunaopiga simu huwa tunauliza udhaifu wa mwombaji, na mdhamini asiyejua aseme lipi husema lile lililomuuma. Afadhali alikumbuke pamoja na kilichofuata: ripoti zote baada ya hapo zilifika kwa wakati. Sentensi mbili zinatosha, usigeuze kuwa toba.

Hatua ya 6: Barua nzima

Hii ndiyo iliyotumwa, nimeondoa majina na namba tu.

> Shikamoo Mama,
>
> Ni mimi (jina), niliyekuwa msimamizi wa bustani ya miche ya kahawa Kibosho chini yako, Februari 2021 hadi Novemba 2022. Nimekaa kimya tangu uhamie Mbozi, naomba unisamehe.
>
> Naomba ridhaa yako nikuandike kuwa mdhamini kwenye maombi ya kazi ya afisa mradi wa miche ya parachichi, Arusha. Mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa tarehe 24 Oktoba. Nikiitwa kwenye usaili, huenda wakakupigia simu mwezi Novemba.
>
> Najua ni muda umepita, kwa hiyo nakukumbusha mambo machache tuliyofanya pamoja:
>
> Vikonyo vilivyooza 2021. Nilihesabu vilivyokufa kila Jumatatu, sanduku kwa sanduku, nikakuonyesha kwamba masanduku ya chini ya mteremko ndiyo yaliyooza zaidi. Ukaamua tuyainue, tuongeze mchanga na tupunguze kumwagilia. Msimu wa 2021 tulipata vikonyo 41 vyenye mizizi kwa kila 100. Msimu wa 2022 tukapata 68.
>
> Ugawaji wa Aprili 2022. Palipotokea manung'uniko kwenye chama cha msingi kwamba miche inakwenda kwa wenye majina, ulinituma niandike orodha ya kila mkulima na saini yake. Niliwaandika wakulima 312 wa Uru na Kibosho, na miche 6,200 tuliyogawa ikaonekana ilikokwenda. Uliisoma orodha hiyo mbele ya mkutano.
>
> Ripoti ya robo ya tatu 2021 niliichelewesha wiki mbili, na lawama zikakufikia wewe. Baada ya hapo ripoti zangu zote zilikufikia kwa wakati.
>
> Kazi ninayoomba inahitaji hasa utunzaji wa kumbukumbu za bustani na kufanya kazi na vikundi vya wakulima. Kama kuna jambo nimelikosea hapo juu, naomba unisahihishe.
>
> Ukiridhia, naomba unitajie namba na barua pepe unayopenda itumike, na saa ambazo ni rahisi kwako kupokea simu. Kama majukumu ya sasa hayaruhusu, nitaelewa kabisa. Ningeomba tu kujua kabla ya tarehe 20 Oktoba.
>
> Nimeambatisha wasifu wangu na tangazo la kazi.
>
> Wako,
> (jina na namba ya simu)

Angalia sentensi ya "Uliisoma orodha hiyo mbele ya mkutano". Haina matokeo yoyote ndani yake, lakini ndiyo inayomrudisha mama pale: mkutano, karatasi mkononi, watu wakinung'unika. Tafuta sentensi moja kama hiyo kwa kila tukio, mahali au kitu alichokishika.

"Kama majukumu hayaruhusu" nayo haikuwekwa kwa mapambo. Kwetu mtu hakatai ombi la mdogo wake waziwazi. Atasema "sawa tu", kisha asipokee simu. Ukimpa sababu ya heshima ya kukataa, anaweza kuitumia mapema, nawe ukatafuta mwingine ukiwa bado na siku nne.

Hatua ya 7: Viambatisho na meseji

Viambatisho viwe viwili tu, PDF, na jina la faili liwe na jina lako. Ukishatuma, mpe taarifa kwa meseji fupi: "Shikamoo Mama, nimekutumia barua pepe leo kuhusu ombi la kazi, naomba ukipata nafasi uipitie." Wengi hawafungui barua pepe zao binafsi kila siku. Usimwage ombi lote kwenye meseji, maana litajibiwa kwa kidole gumba na barua haitasomwa.

Hatua ya 8: Kusubiri na kusoma jibu

Mpe siku nne au tano za kazi, kisha mkumbushe mara moja. Ukimya baada ya hapo uhesabu kuwa hapana.

Jibu la "sawa hakuna shida" peke yake bado halijakamilika. Kama hakukupa namba ya kutumia, iulize tena kwa upole. Asipojibu hilo, tafuta mdhamini mwingine. Jibu la kuogopa zaidi ni "andika mwenyewe barua ya kunidhamini uniletee nisaini". Linatokea sana huku, na nia huwa njema. Mtumie ukweli uleule wa barua pepe, tarehe na namba, umwombe aweke maoni yake kwa maneno yake. Nimewahi kusoma barua tatu za wadhamini watatu wa mwombaji mmoja, zote zikiwa na kosa lilelile la tahajia kwenye neno "uadilifu".

Mama wa Mbozi alijibu siku ya pili, usiku. Kijana alinisomea kwenye simu: "Marahaba mwanangu. Hizo 41 nilikuwa nimeshazisahau, ila mkutano ule siwezi kuusahau. Lakini wakulima walikuwa 308. Wale wanne walikuja kujiandikisha baada ya ugawaji, nikakuambia uwaweke chini kwa kalamu nyekundu. Weka namba hii ninayotumia sasa, wapige baada ya saa kumi jioni."

Akafungua daftari. Kwenye ukurasa wa mwisho wa orodha kulikuwa na majina manne kwa wino mwekundu. Akarekebisha wasifu wake usiku uleule, kisha ndipo akatuma maombi.